Viatu vya shule Goma: pea tatu kwa mguu unaokua

Binti yangu alianza mwaka wa kwanza wa msingi akiwa na miaka 6, na sasa amemaliza wa tatu. Tangu siku ile nina daftari dogo ambalo naandika mambo ya viatu vyake tu: tarehe ya kununua, bei, pesa niliyompa fundi, na siku kiatu kilipotupwa. Mume wangu alicheka mwanzoni. Siku hizi yeye ndiye anayeniuliza daftari liko wapi.

Katika miaka hiyo mitatu nimejaribu aina tatu. Mwaka wa kwanza vilikuwa viatu vyeusi visivyo na jina, vile vinavyopangwa chini kwenye turubai soko la Virunga, dola 8. Mwaka wa pili nilinunua mtumba, au tombola kama wengi wetu tunavyosema: Clarks ya Uingereza, dola 10. Mwaka wa tatu nilijikaza nikanunua Bata Toughees mpya kwa mfanyabiashara anayeleta mali kutoka Nairobi, dola 22. Hizo ni bei nilizolipa mimi, baada ya kubishana. Wewe unaweza kupata chini au juu kidogo.

Kabla ya kuzilinganisha kuna jambo moja ambalo muuzaji hatakuambia. Kiatu cha mtoto kina vifo viwili. Kifo cha kwanza ni mguu kukijaa. Cha pili ni kiatu chenyewe kuchakaa. Pesa yako inahesabiwa kwa kile kifo kinachotangulia. Ukinunua kiatu cha kuishi miezi 18 na mguu ukakijaa baada ya miezi minane, umelipia miezi kumi ambayo mtoto wako hataivaa. Ukinunua namba kubwa ili mguu usikijae haraka, halafu soli ikaisha Desemba, ule ukubwa ulikuwa wa bure. Kwa hiyo hesabu ni hii: bei pamoja na matengenezo, gawanya kwa miezi ambayo mtoto alivaa kweli.

Mguu kwanza

Mguu wa mtoto wa shule ya msingi huongezeka karibu milimita 9 au 10 kwa mwaka, lakini usitegemee wastani wakati unaweza kupima mwenyewe. Weka karatasi sakafuni ikiguswa na ukuta, mtoto asimame kisigino kikigusa ukuta, uzito wote mguuni, amevaa soksi za shule. Weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Pima miguu yote miwili, na ufanye jioni, maana mguu huvimba kidogo baada ya kutembea mchana kutwa. Chukua mguu mrefu. Wa binti yangu ni wa kulia, unauzidi wa kushoto kwa milimita 3, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikipima wa kushoto bila kujua.

Agosti ya mwaka wa pili mguu wake wa kulia ulikuwa milimita 178. Agosti iliyofuata ulikuwa 187. Yaani milimita 9 kwa mwaka, robo tatu ya milimita kila mwezi.

Kiatu kipya kinatakiwa kiwe na nafasi ya milimita 12 au 13 mbele ya kidole. Ikibaki milimita 5, vidole vinaanza kugonga mbele mtoto anaposhuka mteremko, na hapo kiatu kimekwisha hata kama kinang'aa. Basi nafasi unayoweza kuitumia ni kama milimita 8, na kwa mguu wa binti yangu milimita 8 ni miezi kumi na kidogo. Inakaribia sana mwaka wa shule, kuanzia Septemba hadi mwanzo wa Julai.

Namba zenyewe zina maana ya urefu. Namba za kifaransa tulizozizoea, 28, 29, 30, kila moja inaongeza theluthi mbili za sentimita: zidisha namba kwa milimita 6.67 upate urefu wa ndani. Namba 30 ni milimita 200. Namba za Uingereza, ambazo utazikuta kwenye Clarks, huongezeka kwa theluthi moja ya inchi na zina nusu katikati. Kwa viatu vya watoto, jumlisha 12 kwenye namba, gawanya kwa 3, unapata inchi. Namba 10½ ni inchi 7.5, yaani milimita 190 na nusu.

Viwanda havifuati hesabu hiyo sawasawa, na kiatu kisicho na jina ndicho kinachodanganya zaidi. Nilishashika pea mbili za namba 29 kwenye turubai moja, moja imezidi nyingine karibu sentimita. Ndiyo maana ninakwenda sokoni na ukanda wa kadi ngumu, upana wa kidole, niliokata kwa urefu wa mguu pamoja na milimita 12. Nauingiza kiatuni mpaka ufike mbele kabisa. Ukilala bila kujikunja, kiatu kinatosha. Ukibaki ukicheza mbele na nyuma kwa zaidi ya milimita tatu au nne, kimezidi. Ukanda huu unaniwezesha kumwacha mtoto nyumbani, na mwenye watoto wanne anajua raha ya kwenda sokoni mikono mitupu.

Muuzaji atakuambia: "Mama, kamata namba kubwa, mutoto iko anakomea." Kweli anakua. Lakini kiatu kimetengenezwa kikunjike mahali pamoja, pale penye mfupa mpana wa mguu, nyuma kidogo ya vidole. Kikizidi kwa namba mbili, mguu unakikunja nyuma ya pale palipokusudiwa. Ngozi inapata mikunjo isiyo yake na kupasuka hapo. Kisigino kinapanda na kushuka ndani mpaka ukuta wa nyuma unalala. Mtoto anaburuta ncha ili kiatu kisitoke, na ncha inaliwa na mawe. Kiatu ulichokinunua kiishi miaka miwili kinakufa mapema kuliko kile kilichomkaa vizuri.

Halafu mawe yetu

Soli ya Goma haiishi kama ya mahali pengine. Bukavu adui ni tope na maji: gundi inalainika, kiatu kinafunguka mdomo. Sisi tunatembea juu ya jiwe la volkano. Ile lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 iliyopita katikati ya mji hadi ziwani, na nyingine za kabla na baada yake, ikipoa inabaki na matundu, na ukingo wa kila tundu ni kama kikwaruzo cha kukwangulia nazi. Njiani kwetu Majengo hakuna mita kumi za lami. Binti yangu anatembea nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Mtoto wa jirani anayepelekwa na pikipiki amevaa kiatu kile kile kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo miezi ninayoandika hapa ni ya mtoto anayetembea.

Kisicho na jina, dola 8

Sehemu ya juu ni plastiki laini iliyobandikwa kwenye kitambaa. Angalia kwa ndani, pale ukingo ulipokatwa: ngozi ina nyuzinyuzi zilizosokotana, plastiki ina utando mwembamba na kitambaa chini yake. Soli imegundishwa tu. Ule mshono unaouona pembeni ya soli mara nyingi ni wa mapambo, umechorwa na kalibu ya kiwandani. Ukuta wa kisigino ni kadi. Ubonyeze kwa dole gumba: ukiingia ndani kirahisi, mvua za Oktoba zitaumaliza.

Vya binti yangu vilifunguka mbele katika mwezi wa tatu wa kuvaliwa. Nilimpa fundi dola 1, akashona pale palipofunguka. Katikati ya Desemba plastiki ilikatika kwenye mkunjo, na hapo hakuna fundi. Dola 9 kwa miezi mitatu na nusu: dola 2.57 kwa mwezi.

Lakini jirani yangu alinunua vya aina hiyo hiyo na kuvipeleka kwa kordonye siku ileile, kabla mtoto hajavivaa. Alilipa dola 2 kushonwa kuzunguka soli yote, na vikafika miezi mitano. Dola 10 kwa miezi mitano ni dola 2 kamili kwa mwezi. Tofauti yote iko kwenye siku ya kushona, na kwenye mfereji. Fundi mzuri kwanza anakata mfereji mwembamba chini ya soli, karibu na ukingo, ili uzi wa nailoni uzame ndani yake. Fundi wa haraka anapitisha uzi juu ya soli bila mfereji, na mawe yanaukata ndani ya wiki mbili. Kabla hujalipa, geuza kiatu upitishe kidole chini. Kama unauhisi uzi, mrudishie.

Clarks ya tombola, dola 10

Hapa ndipo nilipoona maana ya kiatu kumkaa mtoto. Mbali na urefu, Clarks za watoto zina herufi ya upana: F ni ya kawaida, G ni pana zaidi, H pana zaidi tena. Watoto wetu wanaoshinda na kandambili au peku wana mguu uliotanuka mbele, na kiatu chembamba huwachubua kidole kidogo hata kama urefu unatosha. Kwenye turubai la tombola ninatafuta G kwanza, halafu ndiyo nauliza bei.

Nilipata 10½ G. Kwa mguu wa milimita 178 ilibaki nafasi ya 12 na nusu, ya kutosha miezi kumi. Soli ilikuwa imetumika kiasi, visigino vimelika upande wa nje, lakini ngozi ilikuwa nzima. Niliongeza dola 2 za mpira wa kisigino. Viliishi miezi saba, soli ikatoboka chini ya mfupa mpana. Dola 12 kwa miezi saba: dola 1.71.

Inaonekana ndiyo mshindi. Sasa ona udhaifu wake. Kwenye tombola huchagui namba, unachukua baloti ilichokuletea. Pea ya pembeni yake ilikuwa namba 10, nusu namba tu chini. Hiyo ni milimita 186, nafasi ya 8, yaani milimita 3 tu za kutumia: miezi minne na kidogo. Kwa dola zilezile 12 ingekuwa karibu dola 2.75 kwa mwezi, ghali kuliko kile cha plastiki.

Na kuna kosa langu ambalo lazima nilihesabu. Wiki mbili kabla ya hiyo Clarks nilikuwa nimenunua mtumba mwingine, jina silitaji, dola 9, mzuri kama mpya. Ulikuwa mpya kweli, umekaa tu mahali miaka mingi. Soli nyingi nyepesi za kisasa ni za poliyurethani, povu gumu ambalo unyevunyevu wa hewa hulivunja polepole hata kiatu kikiwa kabatini. Siku ya nane binti yangu alirudi nyumbani akiacha vipande vyeusi kama makombo ya mkate kuanzia mlangoni. Kufika wiki mbili hapakuwa na soli. Fundi aliangalia akasema, "Mama, hapa sina pa kushonea."

Tangu siku hiyo, mtumba wenye soli nyepesi naukunja kwa nguvu mara kumi mbele ya muuzaji, anune asinune. Naangalia ubavu wa soli kama kuna nyufa nyembamba za kupita katikati, na nabonyeza kwa ukucha karibu na kisigino. Soli nzima inarudi. Iliyooza inabaki na shimo, inanata, au inatoa unga. Soli ya mpira, iliyo nzito zaidi, haina ugonjwa huu wa kumeng'enyeka, ingawa ikikaa sana hukauka na kupasuka.

Nikijumlisha zile dola 9 zilizopotea, mwaka wangu wa tombola ulikuwa dola 21 kwa miezi saba, dola 3 kwa mwezi. Ndiyo mwaka wangu wa gharama kubwa kuliko yote.

Bata Toughees, dola 22

Bata hawahitaji kutambulishwa kwetu. Kiwanda chao cha Kenya kiko Limuru, na hiki ni kiatu cha shule kwa kazi hiyo tu. Pea niliyonunua ilikuwa ya ngozi, na soli imemiminwa ikashikana na ngozi moja kwa moja badala ya kugundishwa. Aina hiyo haifunguki mdomo kirahisi, na haifai kumpa fundi aishone ikiwa mpya. Sindano itatoboa matundu ya kuingizia maji mahali ambapo hapakuwa na tatizo.

Mguu milimita 187, namba 30 yenye milimita 200. Ukanda wangu ulilala vizuri na nafasi ya 13. Upana nilikuwa na wasiwasi nao kwa sababu hakuna herufi ya kuchagua. Mwezi wa kwanza ulibana kidogo kwenye kidole kidogo, halafu ngozi ikatanuka. Plastiki isingetanuka, na hiyo ni faida ya ngozi ambayo haionekani dukani. Kwa mtoto mwenye mguu mpana sana bado ningetafuta G ya mtumba.

Aprili visigino vilikuwa vimekwisha na ncha ya kulia imeliwa. Fundi aliweka mpira wa tairi kwenye visigino na kiraka cha ncha, dola 2 na nusu. Vilifika mwisho wa mwaka, miezi kumi. Dola 24.50 kwa miezi kumi: dola 2.45. Nilipopima Julai kulikuwa na nafasi ya milimita 5. Mguu na soli vilimaliza safari pamoja, sawasawa na nilivyotaka.

| Pea | Jumla | Miezi | Kwa mwezi |
|---|---|---|---|
| Isiyo na jina, nilivyofanya mimi | dola 9 | 3½ | 2.57 |
| Isiyo na jina, imeshonwa siku ya kwanza | dola 10 | 5 | 2.00 |
| Clarks ya tombola, yenyewe tu | dola 12 | 7 | 1.71 |
| Tombola pamoja na kosa langu | dola 21 | 7 | 3.00 |
| Bata Toughees | dola 24.50 | 10 | 2.45 |

Bata anabadilika kabisa ukiwa na mtoto mdogo anayefuata. Ngozi ya ile pea bado ni nzima. Nikiweka visigino vipya kwa dola 2, na kaka yake akavivaa miezi mitano tu, jumla ni dola 26.50 kwa miezi 15, dola 1.77 kwa mwezi. Cha plastiki hakirithiwi. Ila kabla ya kurithisha, toa soli ya ndani uangalie alama ya vidole vya mtoto wa kwanza. Kama imezama upande mmoja, weka mpya, na kama kisigino chote kimelala upande, usimpe mdogo. Atatembea amelala upande uleule.

Wakati wa kuvaa napima kila mwanzo wa mwezi, na sibonyezi ncha ya kiatu kwa dole gumba, kwa kuwa mtoto anakunja vidole akihisi unabonyeza. Kama soli ya ndani inatoka, naitoa, anasimama juu yake, naona kilichobaki mbele ya kidole. Kama haitoki, ukanda ule wa kadi unafanya kazi: naukata upya kwa urefu wa mguu wa mwezi huo pamoja na milimita 5. Usipoingia, tunaanza kutafuta vingine.

Sasa ni Agosti tena, na mguu wa kulia umefika 196. Nilikuwa nimeshaamua ni Bata tena, mpaka nilipopiga hesabu. Namba 31 ni milimita 207: nafasi ya 11, za kutumia 6, miezi minane. Atavijaa karibu na Pasaka, soli ikiwa bado na uhai, na dola 22 kwa miezi minane ni 2.75 hata kabla ya fundi. Namba 32 ni milimita 213, nafasi ya 17, kiatu cha kuburuta. Mguu wake mwaka huu umeangukia katikati ya namba mbili. Kwa hiyo nitanunua visivyo na jina namba 31, vishonwe siku ileile na mfereji ukatwe mbele ya macho yangu, halafu Februari nichukue vya namba 32 vya aina hiyohiyo. Dola 20 kwa mwaka mzima. Fundi nimeshamwambia aniwekee uzi wa nailoni.